Kitako na Kimo Chake: Kufundisha Ujazo wa Miche ya Mshazari

Yapo mambo katika hisabati ambayo mwalimu huyafundisha miaka mingi akidhani anayajua, mpaka siku moja kazi ya mikono imwoneshe kwamba alikuwa akijua nusu yake tu. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa ujazo wa umbo lililoinama, yaani mche au mcheduara ambao kitako chake cha chini na cha juu ni sambamba na ni sawa, lakini cha juu hakikukaa wima juu ya cha chini. Katika makala haya nitaeleza makosa mawili. La kwanza lilikuwa la wanachuo wangu, nami nikalisahihisha. La pili lilikuwa langu mwenyewe, likasahihishwa na fundi wa zege. Makosa hayo yanaelekeana kama uso na kioo, na mwalimu asiyeyajua yote mawili hawezi kulitibu moja bila ya kulizaa la pili.

Chuo nilichokuwa nikifundisha kilikuwa upande wa ufukoni mwa Mtwara, mahali ambapo minazi mingi imeinamia maji, hata mtu akitaka mfano wa kitu kilichoinama hahitaji kuutafuta kitabuni. Somo la siku ile lilikuwa ujazo. Wanachuo walikwisha kujua kwamba ujazo wa mche uliosimama wima ni eneo la kitako mara kimo. Nikachora ubaoni mche ulioinama, nikaandika urefu wa ubavu wake, nikauliza ujazo wake ni kiasi gani. Karibu darasa zima lilizidisha eneo la kitako kwa urefu wa ubavu ulioinama. Nilipowauliza sababu, mmoja alijibu bila ya kusita, "Mwalimu, kimo cha kitu ni urefu wake. Mnazi ukiinama haupungui urefu."

Jibu lile halikuwa la kipuuzi, na nawasihi walimu wenzangu wasilipuuze, maana nitalirudia baadaye. Lakini kwa umbo nililolichora ubaoni lilikuwa kosa, na nilitaka kosa hilo lionekane kwa macho kabla ya kuelezwa kwa maneno. Nikaomba madaftari 30 ya namna moja, nikayapanga juu ya meza yakawa nguzo iliyo wima. Tukapima. Jalada la daftari lilikuwa sentimita 16 kwa 20, yaani eneo la sentimita za mraba 320. Kimo cha nguzo kilikuwa sentimita 12. Ujazo ulikuwa 320 × 12, yaani sentimita za ujazo 3,840, na kwa hiyo kila daftari lilikuwa na 128.

Kisha nikachukua rula, nikaisukuma nguzo ile taratibu kwa ubavu, kila daftari likiteleza kidogo juu ya mwenzake, mpaka daftari la juu likawa limesogea sentimita 9 kutoka mahali pake. Sasa tulikuwa na mche ulioinama. Mwanachuo mmoja akaupima ubavu wake, akapata sentimita 15. Nikamwambia afanye hesabu kwa njia yao: 320 × 15, yaani 4,800. Nikauliza, "Je, ujazo umeongezeka?" Wakasema umeongezeka kwa 960. "Na daftari moja lina ujazo gani?" Wakasema 128. Wakagawanya, wakapata saba na nusu. Nikawaomba wahesabu madaftari upya, watafute hayo saba na nusu yaliyozaliwa wakati nikisukuma. Darasa likacheka, nami nikajua kwamba hatua ya kwanza imevukwa. Madaftari yalikuwa 30, kimo kutoka mezani kilikuwa sentimita 12 zile zile, na ujazo ulikuwa ule ule.

Hapo mwanachuo mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliinua mkono akasema kwamba nguzo ile si mche hasa, kwa kuwa ubavu wake una meno kama ngazi, ilhali mche wa ubaoni una ubavu laini. Huenda basi sehemu ya ujazo imejificha katika meno yale. Hoja hiyo ni nzuri kuliko somo lenyewe, na mwalimu atakayeipita haraka atakuwa amewafundisha wanafunzi mchezo wa madaftari, si hisabati. Nilimjibu kwa kufungua mjadala. Je, kama badala ya madaftari 30 yenye unene wa milimita 4 tungepanga karatasi moja moja, meno yangekuwaje? Yangekuwa madogo zaidi. Na kama karatasi ingekuwa nyembamba mara kumi? Madogo mara kumi. Kimo hakibadiliki, eneo la kila karatasi halibadiliki, na tofauti baina ya nguzo yenye meno na mche laini huzidi kupungua kadiri karatasi zinavyozidi kuwa nyembamba. Hakuna kiasi chochote cha ujazo, hata kiwe kidogo namna gani, ambacho meno yale yanaweza kuendelea kukificha.

Ndipo nilipoandika ubaoni kanuni yenyewe. Tukiwa na maumbo mawili yaliyo kati ya bapa mbili sambamba, na kila bapa nyingine iliyo sambamba na hizo ikiyakata maumbo yote mawili katika mikato yenye maeneo yaliyo sawa, basi maumbo hayo yana ujazo ulio sawa. Katika vitabu kanuni hii huitwa kwa jina la Bonaventura Cavalieri, Mwitalia aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1635, ingawa nchini China mtaalamu Zu Geng alikwisha kuitumia miaka zaidi ya elfu moja kabla yake ili kupata ujazo wa tufe. Tazama kwamba kanuni haisemi mikato ilingane umbo, wala haisemi ikae wima mmoja juu ya mwingine. Inataka maeneo yalingane, na yalingane katika kila usawa wa kimo, si chini na juu tu.

Kutokana na kanuni hiyo, mche wa mshazari una ujazo sawa na mche wima wenye kitako hicho hicho na kimo hicho hicho. Na kimo maana yake ni umbali wa wima baina ya bapa mbili, unaopimwa kwa timazi, wala si urefu wa ubavu. Nikafunga somo kwa kuandika kwa herufi kubwa: UJAZO NI ENEO LA KITAKO MARA KIMO, SI MARA UBAVU. Wanachuo wakanakili. Niliridhika sana na somo lile, na kwa miaka kadhaa nililirudia vile vile.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Chuo kiliamua kujenga kichanja cha kuwekea tangi la maji la lita 2,000. Kazi ya nguvu ilikuwa ya wanachuo, na kazi ya ujuzi ilikuwa ya fundi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa huko. Kichanja kilikuwa na miguu minne ya zege iliyotanuka kama miguu ya kigoda. Kalibu za miguu hiyo zilikuwa mabati yaliyokunjwa yakawa mabomba ya mviringo. Kwa kuwa miguu ilitakiwa ikae juu ya msingi ulio sawa, na vichwa vyake vipokee jamvi la zege lililo sawa, fundi aliyakata mabomba yale kwa mshazari chini na juu, ili midomo yake ilale sambamba na ardhi. Kila mguu ulikuwa na kimo cha wima cha mita 2 na sentimita 40, na kutoka kichwani hadi chini ulitanuka mita 1 kamili. Urefu wa bomba lenyewe, kwa kuufuata mwinamo wake, ulikuwa mita 2 na sentimita 60. Kipenyo cha bomba kilikuwa sentimita 30.

Fundi aliniuliza jambo moja tu. "Mwalimu, nitajie ujazo wa kalibu hizi nne, mambo ya saruji na kokoto niachie mimi." Nikatabasamu, kwani swali lilikuwa lile lile la darasani. Miche imeinama, basi kitako mara kimo, si mara ubavu. Nusu kipenyo ni sentimita 15, eneo la duara ni 3.14 × 15 × 15, yaani sentimita za mraba 706.5. Kimo ni 240. Ujazo wa mguu mmoja ni 169,560, yaani lita 170 hivi, na wa miguu minne ni lita 678. Fundi akauliza kama tuongeze kidogo kwa ajili ya kumwagika. Nilimwambia kwamba fedha ya saruji ni haba na hesabu haina kosa. Maneno hayo nimeyajutia hadi leo.

Zege likachanganywa, likabebwa kwa ndoo, likashindiliwa. Mguu wa kwanza ukajaa, wa pili ukajaa, na wa tatu nao. Tulipofika kwenye mguu wa nne zege likatuishia. Fundi aliingiza ufito, akatuambia kwamba limefika kimo cha mita 1 na sentimita 60 hivi. Saruji ilikuwa imekwisha, jua lilikuwa likizama, na gari la kwenda mjini halikuwapo.

Wasiofanya kazi ya zege watauliza shida iko wapi, si kesho tu likamaliziwe? Shida ni kwamba zege la leo likisha kushikana, la kesho halishikamani nalo kama kitu kimoja. Baina yao hubaki mshono, na katika mguu ulioinama mshono huo huwa ndio mahali dhaifu. Asubuhi yake fundi aliuchunguza mguu ule, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa juu patakaa tani mbili za maji, na hapa chini watapita watoto wa watu wakiteka. Mguu huu siuamini." Akauvunja. Saruji ya mguu mpya ilitoka katika mshahara wangu, na hilo lilikuwa haki.

Lakini nilichokitaka zaidi kilikuwa kujua mahali hesabu ilipokosea. Nilikuwa nimeizuia kabisa njia ya kosa la wanachuo wangu, nami nikapungukiwa! Nikamweleza fundi namna nilivyofanya. Hakunijibu kwa maneno. Kalibu ya mguu wa nne ilipokuwa imesimamishwa tena, aliweka futikamba juu ya mdomo wake, kwanza kwa upande mmoja, akasoma sentimita 30. Kisha akaigeuza kuelekea upande ule mguu ulikoinamia, akasoma sentimita 32 na nusu. Akasema, "Wewe ulinihesabia mdomo wa duara. Mdomo wangu si duara." Akanikumbusha boriti za mikoko ambazo watu wa Mikindani waliezekea nyumba zao za zamani. Aipimaye boriti hapimi unene wake kwenye ncha iliyokatwa kwa shoka kimshazari, kwa kuwa ncha hiyo siku zote ni ndefu kuliko unene wa mti. Hupima kwa kuzungusha kamba katikati ya mti, kwa pembe mraba.

Hapo nikaelewa. Kipenyo cha sentimita 30 kilikuwa cha bomba likikatwa kwa pembe mraba na mwinamo wake. Kimo cha sentimita 240 kilikuwa cha wima, kwa pembe mraba na ardhi. Nilikuwa nimelichukua eneo la mkato wa upande mmoja nikaliozesha kwa kimo cha upande mwingine. Kitako cha kweli cha mche ule, yaani mkato uliolala sambamba na ardhi, kilikuwa duaradufu, upana wake sentimita 30 na urefu wake sentimita 32.5. Eneo la duaradufu hupatikana kwa kuzidisha nusu ya upana kwa nusu ya urefu, kisha kwa 3.14. Yaani 3.14 × 15 × 16.25, ambayo ni sentimita za mraba 765.375. Zidisha kwa kimo cha 240, unapata 183,690, karibu lita 184.

Na sasa, ndugu msomaji, chukua njia ya pili. Lichukue eneo la duara, 706.5, nalo ulizidishe kwa urefu wa bomba kwa kufuata mwinamo, sentimita 260. Unapata 183,690. Ni ile ile, bila ya kupungua hata moja. Njia ya wanachuo wangu, niliyoicheka kwa madaftari saba na nusu, ndiyo iliyokuwa sahihi hapa! Miguu minne ilihitaji lita 735, mimi nilitengeneza 678. Pungufu lilikuwa lita 56 na nusu, karibu debe tatu. Kwa hesabu hiyo zege lilitakiwa likomee sentimita 166 katika mguu wa nne. Zile sentimita chache zilizopungua zilimwagika njiani.

Nilitaka kuwa na hakika kwamba kulingana huko si bahati ya tarakimu. Jioni nikachukua mshumaa, nikaukata ncha zote mbili kwa mshazari, mikato miwili ikiwa sambamba, ukawa kama mguu wa kichanja. Kisha nikaukata katikati kwa pembe mraba. Nikakichukua kipande cha chini nikakihamishia juu ya kile cha juu bila ya kukizungusha. Mikato miwili ya mshazari ilikutana ikafungana barabara, na mkononi mwangu nikawa na mshumaa ulionyooka, wenye duara kila ncha, na urefu wake ukiwa sawa na urefu wa ubavu wa mwanzo. Hakuna nta iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Kwa hiyo ujazo wa umbo la mshazari ni eneo la mkato wa pembe mraba mara urefu wa ubavu, na kwa kanuni ya mikato sawa ni pia eneo la kitako mara kimo cha wima. Zote mbili ni kweli, mradi kila eneo likae na mwenzake.

Sasa nimrudie yule mwanachuo wa mnazi. Aliposema kwamba mnazi ukiinama haupungui urefu, alikuwa akifikiria shina, ambalo unene wake hupimwa kwa kuzungushiwa kamba kwa pembe mraba. Kwa kitu cha namna hiyo urefu wa kufuata mwinamo ndio mwenza wa haki, kama si kwamba shina la mnazi ni nene chini kuliko juu. Kosa lake lilikuwa kuipeleka fikira ya shina kwenye nguzo ya madaftari, ambayo kitako chake kimelala mezani. Kosa langu lilikuwa kuipeleka fikira ya madaftari kwenye shina. Maneno yale niliyoyaandika kwa herufi kubwa yalikuwa kweli, lakini hayakusema kitako ni kipi.

Tangu wakati ule sifundishi tena "si mara ubavu". Kabla ya kuzidisha, namtaka mwanafunzi ajibu maswali mawili. Eneo ulilonalo ni la mkato unaoelekea wapi? Na urefu ulionao umepimwa kwa pembe mraba na mkato huo? Jibu la swali la pili likiwa hapana, asizidishe. Aidha, huwapa wanafunzi mafungu matatu ya kupambanua: madaftari yaliyosukumwa, gogo la mviringo lililoegemezwa ukutani na ncha zake zimekatwa kwa pembe mraba, na bomba lililokatwa ncha zake zilale sambamba na ardhi. La kwanza lina kitako kinachojulikana na kimo cha wima. La pili si umbo la mshazari hata kidogo. Ni mcheduara wa kawaida ulioegemea, na kuegemea hakubadilishi ujazo wake. La tatu huonekana kama la kwanza lakini hupimwa kama la pili, na hilo ndilo lililonila mshahara.

Tahadhari moja zaidi. Wanafunzi wakisha kuipenda kanuni, hutaka kuitumia kila mahali, hasa katika eneo la pande. Haifai. Nguzo ya madaftari ilipoinama, ujazo haukubadilika, lakini ukitaka kuivika karatasi ubavuni utahitaji karatasi zaidi. Pande mbili zenye sentimita 20 chini zilikuwa na kimo cha 12, yaani 240 kila moja. Sasa zina ubavu wa 15, yaani 300. Zile pande nyingine mbili zimegeuka misambamba yenye eneo lile lile la zamani. Kwa hiyo anayehesabu zege atumie kanuni, na anayehesabu bati la kalibu apime bati.

Kichanja kilikamilika, tangi likawekwa. Mguu wa nne ulikuwa mweupe kidogo kuliko wenzake kwa kuwa zege lake lilikuwa jipya. Kila kundi jipya la wanachuo lilipofika kwenye somo la ujazo niliwatoa darasani nikawapeleka pale, nikawapa kamba, futikamba na timazi, nikawaambia watafute ujazo wa mguu mmoja kwa njia mbili. Waliopata majibu mawili yaliyotofautiana niliwaacha wautazame ule mguu mweupe, kisha nikawasimulia.